Kushindwa kwa Nani? Uhakiki wa Makala ya Mwaka 2006 Iliyoushtaki Ufundishaji wa Ujenzi wa Maarifa

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya mkutano wa walimu na wanafunzi wa shahada ya uzamili katika elimu. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha, kwa kuwa maelezo yanajitosheleza bila hizo.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, walimu wenzangu, na ninyi mnaoandika tasnifu,

Makala ninayoihakiki leo ilichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Educational Psychologist, juzuu ya 41, nayo ina kurasa 12 tu. Waandishi wake ni watatu: Paul Kirschner wa Uholanzi, John Sweller wa Australia na Richard Clark wa Marekani. Kichwa chake ni kirefu, tena cha shari. Kinaahidi kueleza kwa nini ufundishaji wenye mwongozo mdogo haufanyi kazi, kisha kinataja kwa majina mbinu tano zinazodaiwa kushindwa: ile ya ujenzi wa maarifa, ya ugunduzi, ya kujifunza kupitia tatizo, ya kujifunza kupitia uzoefu, na ya uchunguzi. Mbinu tano katika hukumu moja. Naomba mlishike hilo, kwa sababu sehemu kubwa ya udhaifu wa makala hii imo ndani ya kichwa chake.

Nimeichagua kwa sababu naiona ikitajwa kwa namna mbili katika tasnifu zinazonifikia, na zote mbili haziniridhishi. Wapo wanaoitaja kana kwamba ni hati ya kuufukuza ujenzi wa maarifa darasani. Wapo wanaoitaja kwa nusu sentensi ili waonekane wamewasikiliza wapinzani, halafu wakaendelea na safari yao. Je, wangapi kati ya makundi haya mawili wamefungua tafiti ambazo makala inazitegemea? Uhakiki wa makala hauishii katika kusema kwamba tumekubali au tumekataa. Kazi yake ni kuuliza hoja imejengwa juu ya nini, ushahidi umelinganisha nini na nini, na matokeo yanafika wapi kabla ya kukoma.

Nianze na hoja yenyewe, na niitendee haki kabla ya kuikosoa.

Waandishi wanaanzia kwenye akili ya mwanafunzi. Wanasema kumbukumbu ya kazi, yaani ile sehemu ya akili tunayoitumia kushikilia na kuchakata jambo kwa wakati huo huo, ni finyu sana linapokuja jambo jipya. Wanarejea kazi ya George Miller ya mwaka 1956 kuhusu vipande saba hivi vya taarifa, pamoja na kazi za baadaye zinazoonesha kwamba pale tunapolazimika kuvichakata vipande hivyo na si kuvishikilia tu, idadi hushuka zaidi. Kwa upande mwingine, kumbukumbu ya muda mrefu haina ufinyu huo. Mchezaji bingwa wa sataranji, kama alivyoonesha Adriaan de Groot, hamzidi mchezaji wa kawaida kwa kuhesabu hatua nyingi zaidi kichwani. Anamzidi kwa sababu amehifadhi maelfu ya mipangilio ya kete ambayo huitambua mara tu aionapo. Kwa hiyo, wanasema waandishi, kujifunza ni mabadiliko katika kumbukumbu ya muda mrefu, na kama hakuna kilichobadilika humo, hakuna kilichofunzwa.

Tuone jambo hili kwa karibu. Mpeni mwanafunzi anayeanza aljebra mlinganyo huu, mwambieni atafute a:

```
(a + b) / c = d
```

Mkimwacha peke yake, analazimika kushika mambo mengi kwa pamoja: mlinganyo ulivyo sasa, lengo la kuiacha a peke yake, tofauti kati ya hali hizo mbili, na orodha ya hatua zinazoruhusiwa ambazo bado hazijamkaa. Anajaribu kuitoa b kwanza, anakwama, anafuta, anarudi mwanzo. Baada ya dakika kadhaa huenda akapata jibu. Lakini amejifunza nini? Nguvu zake zote zimeishia katika kutafuta njia, na mara nyingi hawezi kueleza hatua iliyomfikisha. Sasa mpeni mwenzake mfano uliokokotolewa:

```
(a + b) / c = d
a + b = cd
a = cd - b
```

Huyu wa pili hana cha kutafuta. Anachokifanya ni kusoma hatua, kujiuliza kwa nini c imeondolewa kabla ya b, na kuihifadhi kanuni hiyo. John Sweller na Graham Cooper walifanya majaribio ya namna hii hii mwaka 1985, na wanafunzi waliosoma mifano iliyokokotolewa walitatua maswali yaliyofuata kwa haraka zaidi na kwa makosa machache kuliko wale waliopewa maswali ya kutatua tangu mwanzo. Matokeo haya yamerudiwa mara nyingi, na mimi binafsi sioni njia ya kuyakataa kwa uaminifu.

Lakini ndugu zangu, msomaji makini hasomi matokeo na kufunga jarida. Katika jaribio lile la 1985, faida ilionekana kwenye maswali yanayofanana na mifano. Kwenye maswali yaliyotofautiana nayo haikuonekana. Ilibidi watafiti wale wale warudi mwaka 1987 na kuonesha kwamba faida huweza kuvuka mpaka huo endapo mwanafunzi atapewa muda mrefu zaidi wa kuizoea kanuni. Hilo halibomoi hoja, ila linaonesha kwamba mfano uliokokotolewa ni mwanzo mzuri wa njia yenye hatua nyingi.

Kuna jambo jingine katika hoja hii ambalo wapinzani wengi hulipita bila kuliona. Waandishi hawakatai kwamba mwanafunzi hujenga maarifa yake. Wanasema waziwazi kwamba maelezo ya wanaujenzi kuhusu jinsi mtu anavyojifunza ni sahihi; wanachokataa ni hitimisho linalotolewa kutokana nayo kuhusu jinsi ya kufundisha. Kwamba mwanafunzi ajenge maana kichwani mwake ni jambo moja. Kwamba mwalimu anyamaze ili ujenzi huo utokee ni jambo jingine kabisa, na la kwanza halizai la pili. Mwanafunzi anayesikiliza maelezo mazuri akiwa ametulia kitini naye anajenga. Mwanafunzi anayekata karatasi na kubandika picha kwa saa nzima huenda hajengi kitu. Richard Mayer aliliona kosa hili mwaka 2004 na kulieleza vizuri: tunachanganya shughuli ya mikono na shughuli ya akili. Katika uhakiki wowote wa makala hii, huu ndio ukurasa wa kuusifu bila kusita.

Sasa tuingie kwenye ushahidi, na hapa naomba mnivumilie, kwa maana nataka tukae na utafiti mmoja badala ya kukimbia juu ya ishirini.

Miongoni mwa tafiti ambazo makala inazitegemea sana ni ule wa David Klahr na Milena Nigam wa mwaka 2004. Watoto 112 wa darasa la tatu na la nne walipewa vifaa vya mteremko: mbao mbili zenye kuinuliwa na kushushwa, ambazo mtoto huachilia mpira juu yake na kupima umefika umbali gani. Kulikuwa na vigeu vinne vya kubadilisha: mwinuko wa ubao, ulaini wa uso wake, urefu wa sehemu ya kuanzia, na aina ya mpira. Shabaha ya somo ilikuwa kanuni moja ya kisayansi, kwamba ukitaka kujua athari ya kigeu kimoja, badilisha hicho tu na uache vingine vilivyo. Watoto wanane waliokwishaijua kanuni waliwekwa kando, na waliobaki wakagawanywa makundi mawili ya watoto 52.

Kundi la kwanza lilifundishwa moja kwa moja. Mtafiti alipanga majaribio, mengine mazuri na mengine mabovu, akawauliza watoto kama jaribio hili linatuwezesha kujua kwa hakika, kisha akaeleza kwa nini linafaa au halifai. Kundi la pili liliachiwa vifaa vile vile na lengo lile lile, bila maelezo, bila mfano, bila maoni ya mtu. Baadaye kila mtoto alipanga majaribio manne mwenyewe, na aliyepanga sawasawa matatu au zaidi alihesabiwa kuwa ameimudu kanuni. Waliofundishwa walioimudu walikuwa 40 kati ya 52. Walioachiwa wagundue walikuwa 12 kati ya 52.

Arobaini kwa kumi na mbili! Je, hiyo si hukumu iliyokamilika?

Tusikimbilie huko. Tumtazame kwanza mtoto mmoja wa kundi la pili, kama vifaa vile vinavyoturuhusu kumwona. Anataka kujua kama mwinuko ndio unaoupeleka mpira mbali. Ubao wa kwanza anauinua juu, anaweka uso laini, na mpira wa aina moja. Ubao wa pili anaushusha, anaweka uso wenye mikwaruzo, na mpira wa aina nyingine. Anaachilia. Mpira wa kwanza unafika mbali zaidi, naye anafurahi na kusema: mwinuko! Amepata jibu alilolitarajia, tena jibu ambalo katika fizikia ni sahihi. Hakuna kitu chochote katika mbao zile kinachomwambia kwamba jaribio lake lilikuwa bovu. Mpira ulivingirika, umbali ukapimika, na dunia ikakaa kimya kuhusu kosa lake. Angeweza kurudia jaribio lile mara kumi, na kila mara vifaa vingemthibitishia kosa.

Hapo, waheshimiwa, ndipo nionapo sababu ya kweli ya tofauti ile, na sababu hiyo ni finyu kuliko madai ya makala. Ugunduzi ulishindwa mahali ambapo vifaa havirudishi taarifa juu ya kile kinachopaswa kujifunzwa. Mtoto angekuwa anajifunza kwamba mwinuko huongeza umbali, mpira wenyewe ungemfundisha. Alitakiwa kujifunza kanuni ya kupanga jaribio, na kanuni hiyo haionekani kwa macho wala haipimwi kwa rula. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwalimu wa ugunduzi si kama anaamini katika ujenzi wa maarifa. Ni hili: mwanafunzi wako akikosea, ni nini kitakachomwambia? Kama jibu ni kwamba hakuna, Klahr na Nigam wamekwisha kuonesha kitakachotokea.

Utafiti huo una sehemu ya pili ambayo naipenda zaidi kuliko ya kwanza. Kama wiki moja baadaye, watoto walioneshwa mabango ya maonesho ya sayansi yaliyotayarishwa na watoto wengine na kuombwa wayakosoe. Dai la miaka mingi la wapenzi wa ugunduzi lilikuwa kwamba anachokigundua mtoto mwenyewe hukikamata kwa kina zaidi. Haikuonekana hivyo. Watoto wachache walioigundua kanuni wenyewe hawakukosoa mabango vizuri zaidi ya wale wengi waliofundishwa. Aliyeimudu ameimudu, kwa njia yoyote aliyopitia. Tena wale 12 huenda walikuwa wepesi kuliko wenzao tangu mwanzo, kwa kuwa walijichuja wenyewe, na bado hawakuwazidi waliofundishwa. Hili ni pigo halisi kwa dai la kina, na makala ina haki ya kulitumia.

Ila kuna upungufu ambao mhakiki hapaswi kuunyamazia. Wiki moja ni muda mfupi. Mwaka 2007 David Dean na Deanna Kuhn walichukua watoto wa darasa la nne na kuuliza kinachotokea muda ukisogea. Kundi moja lilipewa somo la moja kwa moja kisha basi. Lingine lilifanya mazoezi ya uchunguzi kwa vipindi vingi katika wiki kadhaa bila somo hilo. La tatu lilipata vyote viwili. Miezi michache ilipopita, faida ya waliopewa somo peke yake ilikuwa imefifia, ilhali waliokuwa na mazoezi ya muda mrefu walikuwa wamesimama imara, na somo halikuwaongezea kiasi cha kuonekana. Utafiti huu ulikuwa na watoto wachache, nami siufanyi kuwa neno la mwisho. Lakini unatutaka tuusome upya ule ushindi wa arobaini kwa kumi na mbili: huenda ulipima kasi ya kuanza, na kasi ya kuanza si kitu cha kudharau, ila haituambii nani atakayekuwa bado anaikumbuka kanuni muhula ujao.

Tena tazameni kundi lililofundishwa lilifundishwa vipi. Watoto walikuwa na mbao mbele yao, waliulizwa maswali, walitakiwa watoe hukumu kabla ya kuambiwa. Je, huo ni mhadhara? Walimu wengi wanaojiita wanaujenzi wangeliona somo lile wangelidai kuwa ni lao.

Hilo linanipeleka kwenye kosa kubwa la makala, nalo ni kuzitia mbinu tano kapu moja. Samaki mmoja akioza, wanasema, wote wameoza. Ushahidi mzito wa makala umetoka kwenye ugunduzi usio na msaada, lakini hukumu imesomwa juu ya mbinu nyingine ambazo zina msaada mwingi.

Chukueni mfano wa ufundishaji wa udaktari kupitia tatizo, ambao umetajwa kwa jina katika kichwa. Kundi dogo la wanafunzi linapewa kisa cha mgonjwa: mtu ana homa, anakohoa, amepungua uzito. Mkufunzi ameketi nao. Kwanza wanafafanua maneno yasiyoeleweka. Kisha wanataja tatizo, wanaorodhesha wanachokijua na wanachokisia, wanapanga makisio hayo, na kuandika mambo ambayo wanapaswa kwenda kuyasoma. Wanaachana, wanasoma vitabu na kuhudhuria mihadhara iliyopangwa sambamba na kisa hicho, halafu wanarudi kuelezana na kukirudia kisa. Mkufunzi anauliza, anazuia upotofu, anahakikisha hakuna aliyeruka hatua. Nawauliza, mwongozo mdogo uko wapi hapo? Kisa kimechaguliwa, hatua zimepangwa, vitabu vimetajwa, mkufunzi yupo. Jibu la Cindy Hmelo-Silver, Ravit Duncan na Clark Chinn, lililotoka mwaka 2007 katika jarida lile lile, lilisimama hasa juu ya jambo hili, na Henk Schmidt na wenzake wakaongeza kwamba hatua hizo zinapatana vizuri tu na ufinyu wa kumbukumbu ya kazi.

Ushahidi wa udaktari wenyewe ni wa pande mbili. Mapitio ya Mark Albanese na Susan Mitchell ya mwaka 1993 yalionesha wanafunzi wa mbinu hii wakiwa nyuma kidogo katika mitihani ya sayansi za msingi, na wakiwa sawa au mbele kidogo katika kazi ya kliniki. Mapitio ya Filip Dochy na wenzake ya mwaka 2003 yalitoa sura inayokaribiana: upungufu mdogo upande wa maarifa, faida ya wazi upande wa kuyatumia. Mwenye kuandika kwamba mbinu hii inashinda anatia chumvi. Mwenye kuandika kwamba imeshindwa, kama kichwa cha makala kinavyosema, naye anatia chumvi. Waandishi wetu walikazia upande wa hasara, kama vile vipimo visivyo vya lazima ambavyo wanafunzi hao huwaagizia wagonjwa. Ni jambo la kweli na lilistahili kutajwa, lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na msomaji akumbuke kwamba nadharia inayotumika kuhukumu katika makala hii, ile ya mzigo juu ya kumbukumbu ya kazi, ni nadharia ya mmoja wa waandishi wake, Sweller.

Nisionekane nawapendelea waliojibu. Jibu lao lina mtego wake. Ukisema kwamba kila darasa lililoshindwa halikuwa na mwongozo wa kutosha na kwa hiyo halikuwa la uchunguzi wa kweli, na kila darasa lililofaulu ndilo la kweli, basi umeijengea mbinu yako ngome ambayo ushahidi hauwezi kuingia. Sweller na wenzake, walipojibu mwaka huo huo, walisisitiza kwamba mwenye kudai lazima alete majaribio yanayobadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na yenye kundi la kulinganishia lililofundishwa kwa ubora unaostahili. Dai hilo ni la haki. Sehemu kubwa ya tafiti zinazousifu ujenzi wa maarifa hulinganisha mwalimu mwenye ari, vifaa vipya na ratiba maalumu, na darasa la kawaida lililoachwa lilivyo. Tofauti ikionekana, nani ajuaye imetoka wapi? Ni kosa lile lile la mtoto wa mbao mbili: mwinuko, uso na mpira vimebadilika kwa pamoja, nasi tunashangilia mwinuko.

Nije sasa kwenye mipaka, yaani mahali ambapo hoja ya makala inaacha kufanya kazi hata kama tutakubali kila kitu kilichotangulia.

Mpaka wa kwanza waandishi wenyewe wanaukiri, ingawa kwa sauti ya chini kuliko kichwa chao. Mwongozo mwingi humsaidia asiyejua, na msaada huo hupungua kadiri mwanafunzi anavyojua zaidi, hadi kufikia mahali ambapo mfano uliokokotolewa unakuwa mzigo kwake. Slava Kalyuga na wenzake walilieleza jambo hili kwa urefu mwaka 2003. Yule mwanafunzi wetu wa aljebra, akiwa ameshatatua milinganyo hamsini, ukimpa tena hatua tatu azisome unamlazimisha kulinganisha njia yako na ile aliyonayo tayari, na hiyo ni kazi ya bure. Kwa hiyo sentensi kwamba mwongozo mdogo haufanyi kazi haijakamilika mpaka iseme haufanyi kazi kwa nani, na katika siku ya ngapi ya somo.

Mpaka wa pili waandishi hawakuweza kuuona vizuri mwaka 2006, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ilikuja baadaye. Manu Kapur, kuanzia mwaka 2008, aliwapa wanafunzi matatizo magumu kabla ya kuwafundisha, akawaacha wahangaike na kukosea, kisha akawafundisha kikamilifu. Kwa mujibu wa makala yetu, mahangaiko yale yangekuwa mzigo mtupu. Hata hivyo, mapitio ya Tanmay Sinha na Kapur ya mwaka 2021, yaliyokusanya tafiti zaidi ya 50, yalionesha kwamba walioanza kwa kuhangaika walifanya vizuri zaidi katika kuelewa dhana na kuzihamishia kwingine. Sasa sikilizeni wapi haikuwa hivyo: kwa watoto wadogo wa darasa la pili hadi la tano, na kwa stadi za jumla zisizofungamana na somo moja. Watoto wa Klahr na Nigam walikuwa wa darasa la tatu na la nne, na kanuni waliyofundishwa ilikuwa stadi ya jumla. Yaani utafiti ambao makala inauegemea sana ulifanyika katika pembe ile ile ambayo ugunduzi una nafasi ndogo zaidi ya kufaulu. Hakuna aliyefanya hila hapo. Lakini anayejenga kanuni ya shule zote juu ya pembe hiyo amekwenda mbali kuliko anavyoruhusiwa.

Mwangalie pia kwamba Kapur hakuwaacha wanafunzi wake. Mafundisho kamili yalikuja, ila yalikuja ya pili. Ukiyaondoa, kinachobaki ni kuhangaika peke yake, na kuhangaika peke yake ndiko ambako makala ya 2006 imekushinda kwa haki. Louis Alfieri na wenzake walipokusanya tafiti 164 mwaka 2011, walipata sura hiyo hiyo: ugunduzi usio na msaada ulikuwa nyuma ya ufundishaji wa wazi kwa athari ya kama 0.38, ilhali ugunduzi wenye msaada ulikuwa mbele ya mbinu nyingine kwa athari ya kama 0.30. Si namba kubwa, lakini zinaelekea pande mbili, na makala yetu ilizungumza kana kwamba kuna upande mmoja.

Kwa ninyi mnaoandika sura ya mapitio, makala hii itajeni kwa kile ilichokithibitisha: kwamba mwanafunzi mgeni katika jambo, akiachwa bila maelezo na bila taarifa juu ya makosa yake, hujifunza kidogo na polepole. Msiitaje kama ushahidi dhidi ya darasa lenye mkufunzi, hatua na marejesho. Na kama tasnifu yenu inatetea mbinu ya uchunguzi, andikeni katika sura ya tatu mwongozo uliotolewa ulikuwa upi: mwalimu alisema nini, lini, kwa nani, na kundi la kulinganishia lilipata nini wakati huo huo. Tasnifu inayosema tu kwamba wanafunzi walifundishwa kwa mbinu shirikishi imeacha nje kigeu ambacho ugomvi wote wa mwaka 2006 ulikihusu.

Kuna swali moja ambalo makala haikulishughulikia vya kutosha, nalo kwa mwalimu ndilo la kila siku: mwongozo uondolewe vipi? Alexander Renkl na Robert Atkinson walipendekeza njia ambayo inaweza kujaribiwa katika darasa lolote la aljebra. Siku ya kwanza mwanafunzi asome hatua zote tatu za mlinganyo wetu. Baadaye apewe mbili za kwanza, na ya mwisho aikamilishe mwenyewe:

```
(a + b) / c = d
a + b = cd
a = ?
```

Akiimudu, apewe mstari wa kwanza peke yake. Tunaanza kufuta kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa hatua ya mwisho ndiyo yenye machaguo machache ya kukosea. Akikosa katika hatua hiyo ya mwisho, mwalimu anajua kosa limo katika kuitoa b, na anarudisha mstari mmoja tu, si somo zima. Ni lini hasa mstari unaofuata ufutwe, baada ya maswali mangapi sahihi, na kwa mwanafunzi aliye wapi, hilo linategemea somo na linategemea mtoto, na ningependa kuona tasnifu mbili tatu za humu ndani zikilipima badala ya kuuliza tena kama ujenzi wa maarifa unafaa au haufai.

Ahsanteni. Maswali nitayapokea sasa, na ningeomba tuanze na wale wanaotetea kichwa cha makala kama kilivyo.